Maelekezo kwa Anayetoka Duarani Kurudi Nyumbani

Mtu akitaka kushuka duarani Rwamgasa au Nyarugusu, hatakosa wa kumwelekeza. Ataonyeshwa matimba mazima na yaliyooza, ataambiwa kamba ishikwe wapi, na kwamba asijitie ushujaa wa kushuka kabla hewa mbaya haijatolewa. Mtu huyohuyo akimaliza miezi yake miwili, akapanda gari kurudi kwa mkewe Kahama, hakuna anayemwambia neno. Anaingia nyumbani kwake bila kamba wala tochi. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akimsubiri, kwa sababu wote wawili huumia mlemle.

Tuwaite Baba Fulani na Mama Fulani. Ni watu wa kubuni, ila ukienda kutoka Kakola mpaka Katoro na ukakaribishwa maji ya kunywa, hutakaa sana kabla hujakutana na mfano wao. Baba Fulani ana hisa kwenye duara ambalo mwaka huu limetema mara moja tu, na mgao wake ukaishia kulipa deni la mafuta ya jenereta. Mama Fulani anauza mchele sokoni. Wamepanga vyumba viwili, watoto watatu, pazia moja, na ukuta ambao jirani akikohoa wao ndio wanaosema pole. Wanapendana. Naliweka hilo mapema, maana wengi wakisikia wanandoa wana shida ya kushikana huanza kumtafuta mchawi.

Namna ya kuwasili vibaya

Shuka kwenye bodaboda na mizigo yako: kanga doti moja, viatu vya mtoto, sato wawili uliowanunua njiani na ambao kwa sasa wanajitangaza wenyewe. Salimia watoto. Weka mizigo mezani, kila mtu aione. Kisha, Mama Fulani akipita na sufuria kuelekea jikoni, mshike kiuno. Usimwulize mchele unauzwaje, usimwulize mguu wa yule mtoto aliyeanguka umeponaje. Mshike tu, kwa mkono ule wenye ajenda.

Ukishafanya hivyo safari tatu au nne, kazi imekwisha, huhitaji kujitesa tena. Mkeo atakuwa amejifunza. Na alichojifunza hakihusu kukupenda au kutokukupenda: amejua kwamba mkono wako hauji bure. Ukimgusa bega, usiku huo kuna jambo. Ukimshika mkono, kuna jambo. Kwa hiyo siku ambayo hana hali ya jambo hilo, kwa kuwa ameamka saa kumi kupakia magunia au mtoto ana homa, atajilinda mapema kabla mkono haujafika. Atakupitia mbali jikoni. Atakaa kigoda cha upande wa pili. Atalala na mtoto mdogo katikati, na mtoto naye atakua na umri wa kwenda shule akiwa bado ni ukuta.

Hapa ndipo penye hasara ambayo wengi hawaioni. Mama Fulani, ukimuuliza vizuri, ni mtu anayependa kushikwa kuliko mumewe. Angependa kukaliwa karibu jioni, kuegemea, kukumbatiwa mtu anapoondoka na anaporudi. Hayo yote ameyaacha kwa sababu hawezi kuyapokea bila kuonekana ameshakubali na yanayofuata. Baba Fulani naye anaona mwanamke anayerukaruka kama kaguswa na kaa la moto, anasema moyoni, “Huyu amenichoka.” Anakata mawasiliano ya mikono kabisa, isipokuwa ile siku moja moja uvumilivu unapomwishia. Kwa hiyo mkono wake sasa unakuja mara chache na kila ukija una jambo, na mkewe anazidi kuthibitisha alichojifunza. Kila mmoja ana ushahidi dhidi ya mwenzake, na ushahidi wote ni wa kweli.

Nani wa kuulizwa, kama unataka mambo yaharibike zaidi

Waulize wenzako kambini. Wanaume kumi na wawili waliolala chini ya turubai moja, ambao hakuna aliyemwona mkewe mwezi huu, watakupa ushauri usiku kucha. Mmoja atasema mwanamke akikataa ana mtu. Mwingine atasema ongeza mke, na huyu mtazame vizuri, maana mwezi uliopita alikuja kukukopa. Wa tatu atakutajia unga wa mizizi unaouzwa mnadani kwenye chupa isiyo na jina. Unga huo ukifanya kazi utakuongezea hamu wewe, ambaye hamu ulikuwa nayo.

Mama Fulani naye atakwenda kwa shangazi, au atakumbuka mafunzo ya kitchen pati yake. Usukumani hatukuwa na unyago wa namna ya Pwani, kwa hiyo siku hizi Kahama na Geita kungwi hukodiwa, wengine kutoka Mwanza, wengine Dar es Salaam. Huja na shanga, udi, na sauti inayofika barabarani. Bibi harusi hufundishwa namna ya kumpokea mume, kumwogesha na kumpendeza. Sina ugomvi na shanga. Lakini katika mafunzo mengi niliyowahi kusimuliwa na waliokaa mkekani, sijasikia sehemu inayosema mwanamke afanye nini siku ambayo yeye anataka kushikwa tu na kuachwa hapo, wala amwambieje mume. Bwana harusi hali yake ni mbaya zaidi, maana yeye hakufundishwa na mtu. Zamani vijana wa Kisukuma walikaa shikome, kwenye moto wa jioni, wakasikiliza wazee wakisema habari za ng'ombe, ukarimu na ushujaa. Ni elimu nzuri, ila mtu alitoka pale anajua kumtambua ndama mgonjwa kwa kumtazama pua, na kuhusu mkewe anajua idadi ya mahari.

Kisha kuna mganga. Huyu nampa nafasi yake kwa sababu machimboni ana wateja. Mganga anaweza kumwambia Baba Fulani kwamba ili duara liteme asioge siku kadhaa, asibadili nguo, na asimguse mkewe. Na asimwambie mtu. Sharti la mwisho ndilo linalobomoa nyumba. Baba Fulani anarudi Kahama, hamgusi mkewe, hasemi kwa nini, na ananuka kama mtu aliyekuja kwa siri. Mama Fulani, ambaye ana akili timamu, anahitimisha kuna mwanamke Katoro. Mimi kuhusu uganga nina maoni yangu na nitabaki nayo. Ninachoshauri ni kimoja: sema. “Mama Fulani, nimepewa masharti” ni maneno yanayoondoa mwanamke wa Katoro kichwani mwa mkeo papo hapo. Ni kweli yataanzisha ugomvi mwingine kuhusu mganga amelipwa shilingi ngapi, lakini huo angalau ni ugomvi wenye risiti.

Kabla hujamlaumu mtu, tazama vidole

Si kila mkono unaojitenga una kinyongo. Anayechoma dhahabu kwa zebaki, kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, anavuta moshi wa zebaki, na sumu hiyo hukaa kwenye mishipa ya fahamu. Dalili zake zinajulikana tangu zamani: vidole hutetemeka, mwandiko hubadilika, usingizi hukatika, mtu anakuwa mwepesi wa hasira, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huingiwa na haya isiyo ya kawaida, anajificha watu, hataki kutazamwa. Sasa mweke mtu huyo ndani ya nyumba yetu ya pazia moja. Mkewe anamwona amekuwa mkali, halali, anamkwepa. Atasema amebadilika, na atakuwa sahihi. Hatajua tu kwamba kilichombadilisha kimo kwenye kile kijiko. Mpe kalamu aandike jina lake, mpe kikombe cha chai kilichojaa. Vikikuonyesha kitu, mpeleke hospitalini na useme wazi kwamba anachoma dhahabu, ili kipimo cha mkojo kifikiriwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauzimi jiko la mtu.

Vivyo hivyo, kisukari, baadhi ya dawa za presha, sonona, na zamu za usiku zilizofuatana hupunguza hamu ya mtu kwa namna ambayo hakuna shanga wala unga unaoigusa. Na kuna sababu nyingine ambayo wanawake wengi wa ukanda huu wanaijua na hawaisemi: hofu ya ugonjwa. Mume amekaa miezi miwili mahali penye pesa za haraka na vilabu vya usiku. Mke akigeukia ukutani, huenda anaogopa tu. Hiyo haitibiwi kwa maneno matamu. Mnakwenda kupima wote wawili, mnasomewa majibu pamoja, ndipo mazungumzo ya mapenzi yanaanza.

Mazungumzo, toleo la kwanza

Haya ndiyo yanayotokea kwa kawaida. Ni saa tano usiku. Mkono umekwenda, mkono umerudishwa. Chumba cha pili mtoto mkubwa hajalala, anajifanya amelala.

“Wewe siku hizi una nini?”

“Nimechoka, Baba Fulani.”

“Umechoka na nani?”

“Na kazi.”

“Kazi gani? Mimi ninayeshinda chini ya ardhi nisichoke, uchoke wewe unayekaa kivulini na debe?”

“Basi kaa hukohuko chini ya ardhi.”

Kimya. Halafu, kwa sauti ya kunong'ona ambayo jirani anaisikia vizuri kuliko kelele: “Ng'ombe za baba yangu zimekwenda bure.”

Tazama yaliyotokea. Swali la kwanza halikuwa swali, lilikuwa shitaka. Jibu lilikuwa kweli lakini lilikuwa ni mlango uliofungwa. Kufikia kauli ya tano wanashindana nani anafanya kazi ngumu, na kufikia ya mwisho ukoo mzima umeingia chumbani pamoja na mifugo. Hakuna aliyesema anachokitaka. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Seattle, pamoja na mwenzake Sybil Carrère, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa maharusi waliokuwa wakizungumza juu ya jambo wanalogombania: namna dakika tatu za kwanza zilivyokwenda ilitosha kuonyesha kwa kiasi kikubwa ndoa ipi ingevunjika miaka kadhaa baadaye. Baba Fulani hakuhitaji dakika tatu.

Kuna pia makosa ya mahali. Kitandani, dakika ileile ya kukataliwa, mmoja ana aibu na mwingine ana hatia, na watu wenye hali hizo hawaelewani hata juu ya bei ya chumvi. Kwenye simu, salio huisha pale pabaya: “Mimi sitaki kabisa…” halafu kimya, na mtu analala machimboni siku nne akijaza mwenyewe kilichobaki. Mbele ya mama yake Baba Fulani, usithubutu. Na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka lipitiwe kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka, lina wazee wenye busara, lakini kama mara ya kwanza kwako kumwambia mkeo kwamba unapenda akushike mkono ni mbele ya wazee watano na katibu anayeandika, umechelewa kidogo.

Mazungumzo, toleo la pili

Jumapili, saa tisa alasiri, wanatembea kwenda kutazama kiwanja chao Mhongolo. Kutembea kuna faida ambayo kitanda hakina: watu wanatazama mbele, hakuna anayelazimika kuukabili uso wa mwenzake anaposema jambo la aibu. Na kuna mwanga, na hakuna anayetegemea kitu chochote kitokee ndani ya nusu saa ijayo.

“Baba Fulani, nina jambo. Halina mkosaji.”

“Sema.”

“Ukinishika, mwili wangu unajua kinachofuata. Ndiyo maana naruka. Ila mkono wenyewe naupenda.”

Wakapita nyumba mbili tatu. Mtu aliwasalimu, wakaitikia.

“Sasa nikushike halafu iweje?”

“Isiwe kitu. Ukae tu.”

“Mbele ya watoto?”

“Hata mbele ya watoto. Bega tu.”

“Mama Fulani, mimi baba yangu sikuwahi kumwona amemshika mama hata kidole. Nikikushika pale uani najiona kama mlevi.”

Mama Fulani alicheka, kisha akaona mwenzake hakucheka, akanyamaza. Hicho kimya chake ni cha maana. Mtu alikuwa ametoa aibu yake nje, na angeendelea kucheka isingetoka tena.

“Basi tuache watoto,” akasema. “Wakilala.”

“Na mimi nikitaka lile jambo nitasemaje, kama kukushika si kusema?”

“Uliza.”

“Niulize? Kwa mdomo?”

“Kwani hapa tunatumia nini?”

Lile swali la Baba Fulani ndilo zito kuliko yote. Mwanamume mwenye hamu kubwa anaogopa kwamba akiutenganisha mkono na ombi, ombi litabaki bila njia. Na ni kweli, lazima lipewe njia nyingine. Kwa hiyo walikubaliana mambo yafuatayo, na nayasimulia kwa kirefu kwa sababu uzito uko kwenye udogo wake.

Usiku wa kwanza wa kurudi hakuna jambo. Ni wa kuoga, kula na kulala, na mtu anaweza kulala ameshikwa bila hesabu. Wazo hili si la Mhongolo peke yake: William Masters na Virginia Johnson, waliokuwa na kliniki yao St. Louis, waliwazuia wanandoa waliokwenda kwao kutibiwa wasikutane kimwili kwa siku kadhaa, wakawapa kazi ya kugusana kwa zamu na kusema kinachopendeza. Walieleza hayo kwenye kitabu chao cha mwaka 1970. Katazo likishasemwa na wote wakalijua, mwili hauna tena sababu ya kukaa ange.

Jioni watoto wakilala, wanakaa benchi la uani, bega kwa bega, kwa muda wa chai kuisha. Asubuhi mtu anapoondoka, kukumbatiana nyuma ya mlango, na mlango ukiwa umefungwa, ili Baba Fulani asijione mlevi. Ombi linatoka kwa mdomo, kwa maneno mawili: “Leo je?” Na majibu yanayoruhusiwa ni matatu. “Ndiyo.” “Leo hapana,” ambayo anayeisema anaongeza siku anayoiona yeye, ili mwenzake asibaki ananing'inia. Na la tatu, “Sijui, kaa karibu kwanza.”

Hilo la tatu linawashangaza wanaume wengi, wanadhani ni hapana yenye adabu. Daktari Rosemary Basson wa Vancouver aliandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye ndoa ya muda mrefu, hamu haitangulii. Huja baada ya ukaribu kuanza, mtu akiwa ametulia na hakimbizwi. Kwa hiyo “sijui” ni habari sahihi kabisa kutoka kwa mtu ambaye kweli hajui bado. Sharti lake ni kwamba inaweza kuishia hapana, na ikiishia hapana hakuna kinachovunjika. Ukiichukulia kuwa ndiyo iliyochelewa, utaiua, na utarudishiwa mtoto katikati ya kitanda.

Ilivyokwenda kombo

Safari iliyofuata Baba Fulani alikaa benchini. Alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa dirisha la dawa: mkono begani, macho kwenye simu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, chai haijaisha, akasema, “Si nimeshakaa siku tatu?”

Hapo ujue benchi limegeuka malipo ya awamu. Mama Fulani aligundua kabla hajasema neno, kwa sababu bega lake lilianza tena kukaza jioni, jua likizama. Hiyo ndiyo dalili ya kutazamia: mguso wowote ukianza kuhesabiwa, mwili wa anayeguswa huusikia kabla ya masikio. Hakumwita mlaghai. Alisema, “Unahesabu, na mimi nimeanza kuogopa benchi.” Baba Fulani akakana, kisha akakubali nusu, jambo ambalo kwa mwanamume wa Kisukuma mbele ya mkewe ni hatua ya kutambuliwa na Serikali. Waliamua benchi na “leo je” visiwe siku moja kwa wiki nzima. Ilimuudhi, na ilifanya kazi.

Mama Fulani naye hakuwa malaika. Akiwa na furaha ya kusikilizwa, akamsindikiza mumewe stendi ya Kagongwa na kumshika mkono mbele ya wenzake watatu wa kambini. Baba Fulani akawa gogo. Mkewe alirudi nyumbani na donge kooni: nimempa ninachopenda mimi, ananikataa mbele za watu. Ilichukua simu mbili, zenye salio la kutosha, kukumbushana kwamba haya ya Baba Fulani haikufutwa siku ya Mhongolo. Ilisogezwa mpaka nyuma ya mlango tu, na huko ndiko alikokubali. Mwenye hamu ndogo ya kitu ana mpaka, na mwenye hamu kubwa ya kitu kingine naye ana mpaka. Katika nyumba hii kila mmoja alikuwa na vyote viwili, ndiyo maana ilikuwa kosa tangu mwanzo kutafuta ni nani mwenye tatizo.

Isipokuwa

Maelekezo haya yana mwisho wake wa kutumika. Yanafaa kwa watu wawili wanaotofautiana kiasi cha kushikana. Hayafai pale ambapo “leo hapana” hujibiwa kwa kofi, au kwa kunyimwa pesa ya matumizi, au kwa kulazimishwa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumpiga mwenzake, na hiyo imeandikwa tangu 1971, kwa hiyo asitokee mtu Geita kusema ni mambo mapya ya wazungu. Mwanamke wa hali hiyo asiende benchini. Aende kwa ndugu anayemwamini, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Na hayamrudishi mtu ambaye moyo wake umeshahamia kwingine. Anayejua kwamba amehama asiwapotezee wengine chai.

Lililobaki ni la mama mkwe. Akija kutembea, vyumba ni viwili, yeye analala na watoto, pazia ni lilelile, na usingizi wa wazee ni mwepesi. Benchi lisimame, “leo je” isimame, kukumbatiana nyuma ya mlango kusimame pia, maana ana tabia ya kufungua milango. Mpokeeni kwa magoti, mpikieni wali wa Kahama, msikilizeni habari za ng'ombe. Yote yaanze tena siku atakayopanda basi la Shinyanga, na kama basi limeharibika Tinde akarudi, hesabuni upya kuanzia kesho yake.